Kwa nini katuni za watoto zinakufuata hadi kwenye profaili yako ya Netflix

*Fundi, habari za kazi. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 4 na 10, mama mkwe, na shemeji yangu anayesubiri kwenda chuo. Tunatumia akaunti moja ya Netflix niliyoifungua mwenyewe, kwenye TV ya sebuleni na kwenye simu. Mimi ni mtu wa tamthilia za Kikorea, lakini kila nikifungua profaili yangu naletewa katuni na filamu za ngumi. Profaili tumeshagawana, ila hali ni ile ile. Nimekutumia picha za ukurasa wa "Viewing activity" kama ulivyoniagiza. Je, nifute profaili yangu nianze upya?*
*Mama wa wawili, Tanga*

Usifute, dada yangu. Kwanza hutaweza, kwa sababu profaili iliyozaliwa pamoja na akaunti haina kitufe cha kufutwa, na kwa maelezo yako hiyo ndiyo yako. Pili, hata ingewezekana, ungetupa kumbukumbu ya tamthilia zako zote pamoja na taka, halafu baada ya wiki mbili taka zingerudi, maana mlango zinakoingilia bado uko wazi. Picha ulizonituma zinaonyesha mlango huo uko wapi, na nitakuonyesha jinsi ya kuziona dalili mwenyewe.

Netflix haijui nani ameketi kwenye kochi. Inachokijua ni profaili ipi ilikuwa wazi wakati video inacheza, na kila kinachochezwa humo inakihesabu kuwa ni chaguo la mwenye profaili. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba umri na jinsia ya mtazamaji havimo kwenye hesabu ya mapendekezo. Vilivyomo ni ulichotazama na alama ulizokipa, muda uliokaa nacho, saa ya siku, kifaa ulichotumia, lugha unazopendelea, na wanachotazama watu wengine wenye ladha inayofanana na yako. Tena ulichotazama karibuni kina uzito kuliko cha zamani. Kwa hiyo miaka yako yote ya tamthilia za Kikorea inaweza kufunikwa na Jumamosi mbili tatu za katuni, kwa kuwa katuni hizo ndizo habari mpya zaidi iliyonayo juu yako.

Sasa tazama picha zako. Ukurasa huo unaorodhesha kila kilichochezwa kwenye profaili yako pamoja na tarehe, cha karibuni kikiwa juu. Ijumaa kuna sehemu mbili za tamthilia yako. Tarehe inayofuata, Jumamosi, kuna sehemu kumi na moja za katuni moja, zimefuatana bila kuruka hata moja. Ijumaa nyingine tena tamthilia, na Jumamosi yake katuni. Siku za katikati ya wiki, ambazo nahisi hukai na TV usiku, hakuna katuni hata kidogo. Filamu za ngumi nazo zinakuja Jumapili, na kila mara inayotangulia ni ya kwako au ya watoto.

Maana yake ni kwamba watoto hawakuchagua profaili yako kwa ukaidi. Wewe ulitazama Ijumaa usiku, ukazima TV kwa rimoti ukaenda kulala. TV nyingi za kisasa zikizimwa kwa rimoti hulala tu, na ikiwashwa asubuhi programu inaweza kuendelea pale pale ilipoachwa, ndani ya profaili yako, bila kuuliza "Who's Watching?". Mtoto akatafuta katuni yake, akaipata, akaweka rimoti chini. Sehemu kumi na moja mfululizo zinaniambia jambo la pili: hakuna aliyekuwa akichagua. Sehemu moja ikiisha, inayofuata ilianza yenyewe, pengine hata watoto walikuwa wameshatoka nje kucheza.

Kama unataka uthibitisho zaidi, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari cha simu au kompyuta, kisha fungua "Manage access and devices". Hapo utaona vifaa vilivyotumika karibuni na profaili iliyotumika kwenye kila kimoja. TV ya sebuleni ikionekana na jina lako wakati wewe ulikuwa kazini, umepata jibu. Kwa anayetaka kujua saa kamili, Netflix inakubali kumpa mwenye akaunti nakala ya taarifa zake zote, na ndani yake mna saa ya kuanza, muda wa kutazama na aina ya kifaa kwa kila profaili. Saa hizo zimeandikwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, kwa hiyo hapa kwetu ongeza saa tatu. Nyumba yako haihitaji kufika huko, tarehe zinatosha.

Tuanze na kusafisha. Kazi hii ifanye kwa kivinjari, si kwenye TV. Ingia "Account", chagua profaili yako, fungua "Viewing activity". Pembeni ya kila jina kuna alama ndogo ya duara lenye mstari. Ukiibonyeza, kitu hicho kinafichwa: hakitatumika tena kukupendekezea, na kitatoka pia kwenye safu ya "Continue Watching". Ukificha sehemu moja ya katuni utaulizwa kama unataka kuficha mfululizo mzima, na hapo kubali, la sivyo utaketi ukibonyeza sehemu moja moja mpaka uchoke. Kwa hesabu ya picha zako, ni mifululizo miwili ya katuni na filamu tano za ngumi. Ni kazi ya dakika chache. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kufika kwenye vifaa vyote, kwa hiyo usiwashe TV baada ya nusu saa ukasema imeshindikana.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kitu ulichoficha kinarudi kwenye hesabu siku kikichezwa tena ndani ya profaili hiyo hiyo. Ndiyo maana kusafisha bila kuziba ni kazi bure. Jambo la pili, chini ya ukurasa kuna kitufe cha kuficha vyote, "Hide all". Hicho ndicho kingekuwa sawa na ule mpango wako wa kuanza upya. Kinamfaa mtu ambaye orodha yake yote imechanganyika kiasi kwamba chake hakionekani. Yako haiko hivyo. Zaidi ya nusu ya orodha ni tamthilia zako halali, na hizo ndizo mtaji wako. Usikiguse.

Watu wengi hufanya njia ya mkato wakidhani ni kitu kile kile: wanaondoa katuni kwenye safu ya "Continue Watching" kwa kuchagua kuiondoa pale pale kwenye TV. Safu inakuwa safi, macho yanaridhika, lakini kwenye "Viewing activity" katuni iko palepale. Wengine wanaipa katuni alama ya dole gumba chini, "Not for me". Hiyo inasaidia kiasi, lakini unakuwa umeambia mfumo kwamba ulitazama sehemu kumi na moja kisha hukupenda, na hilo si kweli, hukutazama kabisa. Ficha kwanza. Alama zitumie kwa vitu ulivyotazama wewe.

Sasa mgawo wa profaili. Akaunti moja inaruhusu profaili tano, na nyinyi mko sita. Kwa jinsi ulivyoniandikia awali, mmegawana hivi: yako, ya mumeo, moja ya watoto wote wawili, ya shemeji, na ya mama mkwe. Naelewa kwa nini, ni mgawo wa heshima, kila mtu mzima ana chake. Lakini kwa upande wa mapendekezo ndio unaowaumiza, na hasa hapo kwa watoto.

Profaili ya watoto ina kiwango cha umri unachokiweka wewe, na mtoto haoni kilicho juu ya kiwango hicho. Wakiwa wawili kwenye profaili moja, unalazimika kuiweka kwa kipimo cha mdogo. Yule wa miaka 10 akifungua anakuta nyimbo za alfabeti na vikaragosi vya watoto wa chekechea. Hakai humo. Anatafuta profaili yenye vitu vikubwa kidogo, na iliyo wazi ni ya mama. Katuni nyingi za kwenye orodha yako si za mtoto wa miaka 4, ukizitazama majina utakubaliana nami. Huyo ni mkubwa, na amekimbia kwa sababu ya haki.

Mimi ningegawa kwa ladha, si kwa ukoo. Profaili ya kwanza ibaki yako. Ya pili iwe ya mumeo na shemeji yako pamoja, kwa kuwa wote wawili umeniambia ni watu wa ngumi na makala za historia. Mapendekezo ya mmoja hayatamharibia mwenzake. Kasoro yake ni moja: wakifuata tamthilia moja kwa nyakati tofauti, yule wa nyuma atakuta imesogezwa mbele. Hilo watalimaliza wao kwa kukumbuka wamefika sehemu ya ngapi. Ya tatu iwe ya mtoto mdogo, ya nne ya mkubwa, kila mmoja na kiwango chake cha umri. Viwango hivyo vinatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo chagua kwa kusoma kilichoandikwa kwenye skrini yako. Na kama kuna jina moja mahususi usilolitaka, unaweza kulizuia kwa profaili hiyo bila kushusha kiwango chote.

Ya tano ipe jina "Sebuleni". Hii ndiyo ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo ambayo familia nyingi hazina. Ni profaili isiyo ya mtu. Inatumika mnapotazama pamoja baada ya chakula, wageni wakija, na ndiyo atakayotumia mama mkwe, kwa sababu kwa ulivyoeleza yeye hutazama mkiwa mmekaa wote. Mapendekezo yake yatakuwa mchanganyiko, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani inajifunza mnachokubaliana. Bila profaili ya namna hii, kila filamu ya familia inaangukia kwenye profaili ya mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama mwenye akaunti. Kiwango chake cha umri kiweke kwa kadiri ya mtoto wa miaka 10, ili mdogo akikutwa humo isiwe hatari.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie umemfutia profaili. Ibadilishe jina tu iwe "Sebuleni" na picha mpe achague yeye. Ya shemeji ndiyo utakayoibadilisha kuwa ya mtoto mkubwa, lakini hapo usibadilishe jina: mwache shemeji aandike kwanza mahali orodha yake ya vitu alivyohifadhi, kisha futa profaili hiyo na utengeneze mpya. Profaili ikifutwa historia yake hairudi. Nasisitiza ifutwe kwa sababu mtoto asirithi filamu za ngumi za shemeji kwa kubadilisha jina. Ukitengeneza mpya utaombwa kuchagua majina machache anayoyapenda, mwite mtoto achague mwenyewe. Uchaguzi huo unatumika mwanzoni tu. Akishaanza kutazama, anachotazama ndicho kinachoshika usukani.

Tuje kwenye kuziba. Profaili yako na ya mumeo ziwekee namba ya siri ya tarakimu nne, kupitia "Profile Lock" kwenye akaunti. Kwenye profaili yako kuna pia nafasi ya kutaka namba hiyo kabla ya mtu kuongeza profaili mpya, iwashe. Ila elewa mpaka wa kufuli hili: linauliza namba wakati mtu anaingia kwenye profaili. TV iliyoachwa tayari iko ndani haiulizi kitu. Kufuli peke yake lisingezuia hata moja ya zile Jumamosi zako.

Kinachozuia ni kutoka. Ukimaliza usiku, rudi kwenye menyu, chagua kubadilisha profaili mpaka uone zile picha za watu na swali "Who's Watching?", ndipo uzime. Kama TV yako ina njia ya kufunga programu kabisa, hiyo pia inafaa. Bora zaidi, iwe desturi ya nyumba kwamba TV ya sebuleni haiingii kwenye profaili yako ila usiku ukiwa peke yako, na muda mwingine wote iko "Sebuleni" au kwa watoto. Tamthilia zako nyingi, kwa kuwa unasema unazitazama kitandani, zitazame kwa simu, maana kwenye simu yako hakuna anayekuvamia.

Halafu zima kuendelea kwenyewe. Kwa kila profaili, kwenye "Playback settings", kuna kisanduku cha "Autoplay next episode in a series on all devices". Kiondolee alama kwenye profaili za watoto wote wawili, kwenye "Sebuleni", na kwenye yako pia. Kisha ingia profaili nyingine na urudi, ili mpangilio mpya usomeke. Kuanzia hapo, hata mtoto akiingia kimakosa kwenye profaili ya mtu, atakachoharibu ni sehemu moja au mbili badala ya kumi na moja. Na kwa kuwa mpangilio wa matumizi ya data uko ukurasa huo huo, na nao unawekwa kwa kila profaili, weka za watoto kwenye kiwango cha kati, ambacho hula hadi takriban GB 0.7 kwa saa, wakati picha ya HD inaweza kufika GB 3. Kama mnatumia bando la simu kulisha TV, tofauti hiyo utaiona kabla mwezi haujaisha.

Baada ya saa 24 za usafishaji, ipe profaili yako cha kujifunza. Maliza tamthilia uliyoiacha njiani kama bado unaipenda. Chagua tatu au nne ulizozipenda kweli na uzipe alama ya madole mawili juu, "Love this!", ambayo ina nguvu kuliko dole moja. Usigawe alama kwa kila kitu kwa bidii ya siku moja. Unachotazama hadi mwisho kinasema mengi kuliko unachokisifia.

Utajuaje imekaa sawa? Shuka chini kwenye ukurasa wa mwanzo utafute safu inayoanza na maneno "Because you watched". Inataja kabisa jina la kitu kilichosababisha mapendekezo hayo. Ikitaja tamthilia yako, vizuri. Ikitaja katuni, basi katuni hiyo haijafichwa au imechezwa tena, rudi "Viewing activity" uitafute. Lakini usihangaike na safu ya "Top 10": ile inaonyesha vinavyotazamwa sana nchini, haifuati ladha yako, kwa hiyo katuni au ngumi zikionekana pale hakuna kilichoharibika. Picha za majalada nazo zitabadilika polepole, kwa sababu Netflix huchagua hata picha ya filamu kwa kufuata mtazamaji. Filamu ile ile kwako inaweza kuja na sura ya wapendanao na kwa mumeo na mtu ameshika bastola.

Rudi kwenye orodha yako baada ya Jumamosi mbili. Ukikuta katuni mbili tu, ni bahati mbaya ya siku hiyo, zifiche uendelee. Ukikuta nyingi tena, tazama zina umri gani. Zikiwa za mtoto mdogo, TV imeachwa wazi. Zikiwa za mkubwa na profaili ina kufuli, basi huenda ameijua namba yako, ibadilishe, na muulize amekosa nini kwenye yake, huenda kiwango cha umri umekibana kupita kiasi.

Shemeji naye akipata chuo na kufungua akaunti yake huko aendako, hatakuwa na profaili ya peke yake ya kuhama nayo, kwa kuwa tumemweka na mumeo. Kama anaithamini sana historia yake ya sasa, na anajua anaondoka mwezi ujao, basi acha kuifuta profaili yake kwa sasa. Subiri afungue akaunti, wewe mwenye akaunti uwashe uhamisho wa profaili, kisha achague "Transfer Profile": historia, orodha aliyohifadhi na mapendekezo yake vitakwenda naye. Mtoto mkubwa muda huo mruhusu atumie "Sebuleni", na ya kwake mtaitengeneza nafasi ikipatikana.